Tabaka Jembamba Nyuma ya Ukuta wa Barabara

Usiku wa kuamkia mapambazuko ya Agosti 13, 1995, baada ya dhoruba ya Helen kuimwagia Hong Kong mvua kubwa kwa siku kadhaa, ukuta wa mlima uliokatwa kando ya Barabara ya Fei Tsui, mtaa wa Chai Wan, uliachia. Ulikuwa ukuta mrefu wa mita 27, mkali, mwinamo wake karibu nyuzi 60. Zilishuka takriban mita za ujazo 14,000 za udongo na mawe. Barabara ilifukiwa, kanisa la jirani likafikiwa, mtu mmoja akafa na mwingine akajeruhiwa.

Mtu angedhani kosa lilikuwa ukali wa ukuta ule. Nyuzi 60 si mchezo. Lakini wachunguzi walipochimba na kupima walikuta jambo jingine. Mzigo ule haukukatika kwa kufuata uso wa ukuta. Uliteleza juu ya tabaka jembamba, lisilofikia unene wa mita moja, lililolala ndani kabisa ya mlima likiwa limeinama taratibu kuelekea barabarani. Lilikuwa na wingi wa kaolini, udongo mweupe laini. Mwamba uliolizunguka ulikuwa na nguvu ya kutosha. Tabaka lile halikuwa nayo, na maji yalipopanda juu yake shinikizo lao likamalizia kazi.

Kisa hicho kinamhusu kila mhandisi anayekata barabara mlimani katika nchi za joto na mvua, iwe Hong Kong au kwenye kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto kupitia Soni. Mvua na joto la miaka mingi vimeozesha mwamba hadi kina kirefu katika sehemu zote mbili, na mwamba uliooza una tabia ambazo vitabu vya udongo wa kawaida havizitaji vya kutosha.

Wataalamu huugawa uozo huo katika madaraja sita. Daraja la I ni mwamba mzima, ukiugonga kwa nyundo unalia. Daraja la VI ni udongo mtupu, hauna tena alama yoyote ya mwamba uliouzaa. Kazi ngumu iko katikati, na vipimo vyake vya kwanza havihitaji maabara. Kipande cha daraja la III hakivunjiki kwa mikono, kinataka nyundo. Cha daraja la IV kinavunjika mikononi, ila ukikitumbukiza majini kinabaki kipande. Cha daraja la V kikiingia majini kinalegea na kusambaratika. Fundi mwenye ndoo ya maji na nyundo anaweza kutembea kando ya ukuta mpya na kuuchora ramani kwa siku moja, na ramani hiyo mara nyingi ina faida kuliko shimo moja la gharama kubwa lililotobolewa mahali pasipo na swali.

Kinachosumbua ni kwamba daraja la IV na la V bado lina mifupa ya mwamba. Huko Usambara, mwamba wa naisi uliooza bado unaonyesha michirizi yake myeupe na myeusi, ingawa kidole kinaweza kuuchimbua. Nyufa zilizokuwamo mwamba ulipokuwa mzima nazo zimebaki, kwa pembe zilezile, na nyingi zimejaa mfinyanzi ulioletwa na maji. Kwa hiyo ukuta unaoonekana kuwa udongo wa aina moja, mwekundu juu na wa madoadoa chini, unaweza kuwa na njia zilizokwisha kuandaliwa za kutelezea. Kijiko kinapokata mguu wa mlima, kinachoamua ni kama mojawapo ya njia hizo imeinama kuelekea barabarani na sasa mwisho wake umeachwa wazi.

Wahandisi huipima hatari hii kwa uwiano wa usalama. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya: nguvu zote zinazoweza kuuzuia mzigo usiteleze, kwa nguvu zinazousukuma ushuke. Jibu likiwa 1, mlima uko ukingoni. Likiwa chini ya 1, umekwisha kuanguka au kuna kitu mhesabuji hakukijua. Hong Kong ilijifunza kuweka viwango vya uwiano huo kwa njia ya machungu. Juni 18, 1972, maporomoko mawili ya siku moja, Sau Mau Ping na Po Shan, yaliua watu 138. Mwaka 1976 Sau Mau Ping ikaporomoka tena na kuua 18. Mwaka uliofuata serikali iliunda ofisi maalumu ya kusimamia miteremko, na mwaka 1979 ikatoka kanuni ya usanifu ambayo bado inaigwa kwingi.

Kanuni hiyo inataka mteremko mpya, ambao kuanguka kwake kungehatarisha maisha ya watu, uwe na uwiano usiopungua 1.4 chini ya mvua ya kiwango kinachotarajiwa kwa wastani mara moja katika miaka 10. Tena ubaki angalau na 1.1 maji ya ardhini yakifika kiwango kibaya zaidi kinachoweza kukisiwa. Mteremko wa zamani unaokarabatiwa huruhusiwa 1.2, kwa hoja kwamba miaka uliyosimama ni ushahidi wa aina yake, mradi jiolojia yake imechunguzwa na hali haijabadilika.

Namba 1.4 inapendeza ikiandikwa kwenye ripoti. Tatizo ni kwamba haimhusu mlima mzima. Inahusu uso mmoja wa kutelezea, ule ambao mhandisi aliuchagua na kuukokotoa, kwa kiwango cha maji alichokiweka. Kompyuta inaweza kujaribu maelfu ya nyuso za mviringo ndani ya udongo na kuleta ulio dhaifu kuliko zote. Haiwezi kujaribu tabaka la kaolini ambalo hakuna aliyeiambia kwamba lipo.

Mfano wa kwanza ni wa maporomoko ya juujuu, yale ambayo madereva wa barabara za milimani huyaona kila masika. Tuseme mteremko una mwinamo wa nyuzi 40, na unaotazamwa ni uso wa kutelezea ulio sambamba nao, kina cha mita 3. Udongo ni wa daraja la V: mita moja ya ujazo ina uzito wa kilonyutoni 19, pembe yake ya msuguano ni nyuzi 34, na mshikamano wake ni kilopaskali 10. Hesabu yake ni fupi:

```
F = c/(γ·z·sinβ·cosβ) + (1 − γw·h/(γ·z))·tanφ/tanβ
```

Hapa c ni mshikamano, γ uzito wa udongo kwa mita ya ujazo, z kina, β mwinamo wa mteremko, φ pembe ya msuguano, γw uzito wa maji, na h kimo cha maji yaliyosimama juu ya uso wa kutelezea. Bila maji, sehemu ya mshikamano inatoa 0.36 na ya msuguano 0.80. Jumla ni 1.16. Mteremko umesimama, lakini kwa shida.

Kumbe wakati wa kiangazi mteremko huohuo una nguvu zaidi ya hizo. Unyevu mdogo ulio kati ya punje hufyonza na kuzivuta zikaribiane, kama mchanga mbichi wa pwani ambao mtoto hujengea nyumba na ambao jua likiukausha, au wimbi likiufikia, hausimami tena. Mfyonzo huo ukiongeza mshikamano wa kilopaskali 10 tu, uwiano unapanda hadi 1.52. Mtu akiupima mteremko mwezi wa Agosti atauona imara. Ndiyo maana kuta zilizokatwa karibu wima hukaa miaka bila kuanguka, na wenyeji wakaamini kwamba udongo wa kwao ni mgumu.

Mvua ndiyo huondoa mfyonzo. Peter Lumb, profesa wa Chuo Kikuu cha Hong Kong aliyechunguza maporomoko ya huko kwa miaka mingi, alieleza jinsi ukanda wa unyevu unavyoshuka kutoka juu wakati wa mvua. Kasi yake inategemea wepesi wa udongo kupitisha maji, ukigawanywa kwa nafasi tupu iliyobaki ya kujazwa. Udongo unaopitisha milimita 18 kwa saa, wenye nafasi ya kujazwa ya asilimia 12 ya ujazo wake, hulowa kwa kasi ya sentimita 15 kwa saa. Kwa saa 20 unyevu umefika mita 3, mahali hasa pa uso wetu wa kutelezea. Uwiano sasa umerudi 1.16. Chini ya hapo kukiwa na mwamba usiopitisha maji, maji yatasimama. Yakisimama mita moja tu, sehemu ya msuguano inapungua hadi 0.67 na jumla inakuwa 1.02. Mtu hajaugusa mlima kwa jembe wala kijiko, na umetoka 1.52 ukafika ukingoni ndani ya siku moja na usiku wake.

Maporomoko ya namna hii huziba mifereji na kufunga njia kwa saa kadhaa. Yanaudhi na yanaweza kuua, lakini angalau yanatabirika: nyasi, mfereji mzuri wa juu ya ukuta na mwinamo wa wastani huyapunguza. Lile la Fei Tsui lilikuwa la aina nyingine.

Tuchukue mfano wa pili, wenye namba za kubuni lakini wenye umbo kama la mkasa ule. Nyuma ya ukuta wa barabara kuna tabaka la mfinyanzi lililoinama nyuzi 20 tu kuelekea barabarani. Juu yake kuna mwamba uliooza wenye unene wa wastani wa mita 15, na uzito wa kilonyutoni 20 kwa mita ya ujazo. Kama mhandisi hajui kuhusu tabaka lile na anatumia pembe ya msuguano ya udongo wa kawaida, nyuzi 34, basi uso wa nyuzi 20 unampa 1.85 hata kabla ya kuhesabu mshikamano. Hataushughulikia. Atahangaika na nyuso za mbele zilizo kali zaidi, azipe mwinamo mzuri, aandike 1.4 na kuweka sahihi.

Ukweli ni kwamba mfinyanzi wa tabaka lile una nyuzi 25 na hauna mshikamano wa kutegemewa. Uwiano bila maji ni 1.28. Kimo cha maji juu ya tabaka kikifika mita 5 unashuka hadi 1.07, na kikifika mita 7, chini ya nusu ya unene wa mzigo, unakuwa 0.99. Ikigundulika maabara kwamba pembe ni 22 badala ya 25, hata mlima mkavu una 1.11 tu. Nyuzi tatu za pembe, ambazo ni rahisi kupotea katika vipimo vya sampuli mbili tatu, zinabeba uamuzi wote.

Swali linalofuata ni kwa nini tabaka kama hilo hukosekana kwenye ripoti. Jibu mara nyingi liko kwenye sanduku la sampuli. Mashine ya kuchoronga inapopita kwenye mwamba mgumu kiasi kisha ikaingia kwenye mfinyanzi laini, maji yanayopoza kekee huuosha mfinyanzi huo, na sanduku linaonyesha pengo la sentimita 40 lililoandikwa kwamba sampuli imepotea. Msomaji wa haraka hulipita pengo. Msomaji mzoefu hulisimamia, kwa sababu kilichopotea ndicho kilicho laini kuliko vyote. Kwa ardhi ya namna hii hutumika mrija wa kuchukulia sampuli wa Mazier, ambao ncha yake hutangulia mbele ya kekee na kuufunika udongo kabla maji hayajaufikia. Ni ghali zaidi, na mkandarasi anayelipwa kwa mita hataupenda.

Hata sampuli ikipatikana, iko njia ya kuipima vibaya. Bonge zuri, lisilo na nyufa, ndilo linaloingia kwenye mashine ya maabara bila kuvunjika. Bonge lenye ufa wa mfinyanzi huvunjika mezani na kutupwa. Mwisho wa siku wastani wa maabara ni wastani wa sehemu imara. Anayejua kazi huagiza kipimo cha kukata kwa mlalo kifanyike juu ya ufa wenyewe, na hukirudia hadi mteremko wa zamani uliokwisha anguka jirani umuunge mkono. Mteremko ulioanguka ni shahidi mzuri: siku ile uwiano wake ulikuwa 1, kwa hiyo kama umbo na maji yake vinakisika, nguvu ya uso wake inaweza kuhesabiwa kinyumenyume.

Nafasi nzuri kuliko zote huja wakati wa kukata. Uso mpya uliotoka kufunguliwa na kijiko huonyesha kila kitu kwa siku chache, kabla mvua haijaupaka tope au mkandarasi hajaunyunyizia saruji. Mstari mweupe unaokatiza ukuta, mahali panapotoka unyevu ilhali juu yake pakavu, ufa unaong'aa kama umesuguliwa: hayo ni mambo ya kupiga picha, kupima pembe na kusimamisha kazi. Mkataba wa ujenzi usiompa mhandisi muda na mamlaka ya kubadili michoro hapo umemnyang'anya kipimo chake bora. Baadaye dalili huwa za kuchelewa. Ufa wa upinde juu ya ukuta, mfereji wa zege uliopasuka na kupishana ngazi, chemchemi mpya mguuni, lami iliyovimba upande wa mlima. Ufa ukipimwa kwa vigingi viwili na ukawa unapanuka kila wiki, mlima umeanza safari.

Linalowashangaza wengi ni tiba. Kwa mazoea, ukuta ukitisha watu hupunguza udongo wa juu. Kwa tabaka lisilo na mshikamano, tiba hiyo inaweza kuzidisha ugonjwa. Tukiondoa mita 5 za juu katika mfano wetu, unene unabaki 10, lakini maji ya mita 7 yako palepale. Uwiano unashuka kutoka 0.99 hadi 0.84. Uzito uliokuwa unasukuma mlima ushuke ndio huohuo uliokuwa unaubana juu ya tabaka, na maji hayakupungua. Labda kuondoa mzigo wote hadi kwenye tabaka kungefaa, lakini hiyo ni kuhamisha mlima.

Kutoa maji kunasaidia zaidi. Mabomba yenye matundu, yaliyochomekwa ndani ya mlima kwa mwinamo mdogo wa kuyaacha maji yatoke yenyewe, yakishusha kimo kutoka mita 7 hadi 3, uwiano unakuwa karibu 1.16. Ni hatua kubwa kwa gharama ndogo. Lakini tazama mpaka wake: hata maji yote yakiisha tunabaki na 1.28. Mabomba peke yake hayawezi kutufikisha 1.4 kwenye tabaka hili, na ahadi ya namna hiyo kwenye zabuni ni ya kukataliwa.

Kilichobaki ni chuma. Misumari ya udongo ni nondo ndefu zinazoingizwa kwenye matundu yaliyochorongwa na kujazwa saruji. Tuseme mzigo una urefu wa mita 30 kurudi nyuma. Kila mita ya barabara inabebana na kilonyutoni 9,000, na sehemu inayosukuma kushuka ni kama 3,080. Mabomba yakiwa yanafanya kazi, kinachozuia ni kama 3,560. Ili kufikia 1.4 zinahitajika kilonyutoni 750 zaidi kwa kila mita ya barabara, sawa na tani 75. Msumari mmoja ukihesabiwa kutoa 150 katika mwelekeo unaofaa, inatakiwa mitano kwa kila mita, yote ikivuka tabaka na kushika mwamba mzima nyuma yake, pengine urefu wa mita 20 na zaidi. Hapo ndipo wasanifu wengi hurudi kwenye ramani na kuuliza kama barabara isingeweza kupita upande wa pili wa bonde.

Kama ni mteremko wa zamani unaoruhusiwa 1.2, pengo ni kilonyutoni 140 tu, yaani msumari mmoja kwa mita. Tofauti hiyo ya bei ndiyo inayowashawishi wenye bajeti, na si haramu. Ila msumari huo mmoja umehesabiwa kwa sharti kwamba maji hayazidi mita 3, na maji hubaki mita 3 kwa sababu ya mabomba. Mizizi na ute mwekundu wa chuma huziba matundu yake ndani ya misimu michache. Yasiposafishwa, na mvua kubwa ikarudisha maji kwenye mita 7, mteremko uliokarabatiwa kwa uwiano wa 1.2 utakuwa na 1.03. Pizomita moja iliyofika kwenye tabaka, ikisomwa kila baada ya mvua kubwa na namba zake kulinganishwa na mita 3 zilizoandikwa kwenye usanifu, ingetosha kumwonyesha mhandisi wa wilaya ni mwaka gani mabomba yalianza kuziba.